Nilitumwa karatasi, sikutumwa sabuni

Jumatano moja, saa 8 mchana, binamu yangu alikuwa amesimama nje ya duka la jumla hapa mjini Mwanza akiwatazama makuli wawili wakipanga katoni za sabuni juu ya guta. Walikuwa wamefika katoni ya kumi na saba. Yeye alikuwa pale tangu saa 2 asubuhi, njaa inamuuma, na mfukoni alikuwa na nauli ya daladala ya kumrudisha Kirumba, basi. Karani alipotoka kumuuliza hela iko wapi, akatoa jibu ambalo nyumbani kwetu limekuwa utani mpaka leo: "Mimi nimetumwa karatasi, sikutumwa sabuni."

Katoni zikashushwa. Makuli wakadai ujira wa kupakia na wa kushusha, shilingi 12,000, na sioni kosa lao hapo. Duka nalo likasema mwenye makosa ni mteja. Mteja mwenyewe ni shangazi yangu, yuko ng'ambo ya maji, Nansio, kisiwani Ukerewe, ana duka la rejareja karibu na soko. Jioni ile akanipigia. Nilisema shikamoo, akaitikia marahaba huku pumzi zikimpanda.

"Baba, mimi niliuliza bei. Kwani kuuliza bei siku hizi ndiyo kununua?"

Nikamwomba anitumie ile barua pepe aliyowaandikia. Kwa ruhusa yake naiweka hapa kama ilivyokuwa, bila kugusa hata nukta. Kichwa cha barua kilikuwa neno moja tu, BEI, na chini yake:

"habari za leo bosi poleni na majukumu. mimi ni mfanya biashala wa duka huku nansio naomba sabuni za mche katoni 20 na mafuta ya kura dumu 10 na chumvi ni bei gani kama ikiwezekana na mnipunguzie kidogo maana mimi ni mteja wenu wa siku nyingi na garama za kusafilisha nazo zimepanda. harafu kijana wangu nita mtuma jumatano saa 2 achukue. lisiti ni muhimu. tafadhari nijibuni haraka asante"

Kabla sijaendelea niseme mimi ni nani katika jambo hili. Nilikaa miaka sita kwenye meza ya maagizo ya muuzaji wa jumla, siyo huyo, mwingine. Kazi yangu ilikuwa kusoma barua za namna hii kuanzia asubuhi: za kutoka Sengerema, Magu, Geita, visiwani, na hata za wenye maduka wa mtaa wa tatu kutoka ofisini kwetu ambao wangeweza kuja kwa miguu. Kwa hiyo nilipoisoma barua ya shangazi niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza kama mtoto wa kaka yake, nikacheka. Mara ya pili kama karani, na hapo kicheko kikakata, maana mimi pia ningepakia ile sabuni.

Tuanze na kilichompakiza karani. Shangazi aliandika "naomba sabuni za mche katoni 20 na mafuta ya kura dumu 10 na chumvi ni bei gani". Kwa mdomo sentensi hiyo haina tatizo. Ukiwa dukani unasema "naomba sabuni", unapumua, halafu unauliza "ni bei gani?", na sauti inakata sentensi mahali pake. Kwenye maandishi pumzi haipo. Neno "naomba" limeikamata sabuni, likakamata mafuta, likakamata chumvi, na "ni bei gani" imebaki mwishoni inaelea kama boya. Karani mwenye barua arobaini za kusoma hasomi mpaka kwenye boya. Anaona naomba, anaona sabuni, anaona katoni 20, anaandika agizo. Kwenye biashara ya jumla, "naomba sabuni katoni 20" ndivyo watu wanavyoagiza.

Dawa yake ni kulipeleka "naomba" kwa kile unachokiomba hasa: naomba bei. "Naomba bei ya sabuni ya mche, katoni 20." Neno moja limesogea kutoka mwisho wa sentensi hadi mwanzo, na guta halipakiwi.

Halafu kuna "nitamtuma achukue". Achukue nini? Shangazi kichwani alikuwa na karatasi ya bei, ile ambayo wenye maduka huiita profoma, kwa sababu mara ya mwisho binamu alienda kuchukua karatasi ya namna hiyo na akapewa. Karani kichwani alikuwa na mzigo. Kiswahili chetu kina kifaa kidogo cha kumaliza ubishi kama huu, na shangazi anakitumia kila siku bila kufikiri: angeandika "aichukue", ile "i" ingeelekeza kwenye profoma, "auchukue" ingeelekeza kwenye mzigo, "ayachukue" kwenye mafuta. Alipoandika "achukue" tupu, aliacha mlango wazi na karani akaingia na guta. Na hata kifaa hicho kina mipaka yake. Angeandika "azichukue" akiwa na maana ya bei, "zi" ingetosha kabisa kuwa ya katoni, kwa sababu bei nyingi na katoni nyingi zinakaa ngeli moja. Kwa hiyo mimi nilimwandikia kitu kwa jina lake, "aichukue profoma", nikaona hapo hakuna pa kuteleza.

Shangazi alinikatiza. "Mbona walishindwa kuuliza? Wana namba yangu."

Kweli walikuwa nayo. Nilimwambia kwamba karani huuliza anapopata shaka, na barua yake haikumpa shaka. Barua mbaya kabisa huwa ina bahati yake, kwa sababu msomaji anashindwa na kupiga simu. Inayogharimu ni ile inayoeleweka vizuri kwa maana isiyo yako.

Saa 2 nayo ina kisa chake. Kwetu saa 2 ni asubuhi au usiku, na hakuna duka la jumla linalotoa mzigo usiku, kwa hiyo shangazi hakuona haja ya kuongeza neno. Karani akaingiza kwenye kalenda ya kompyuta, akaandika 2, kompyuta ikampa mchana, yaani saa 8 yetu. Ndiyo maana binamu alikaa kivulini saa sita nzima akiambiwa "muda wako bado". Nimeliona kosa hili mara nyingi kuliko nilivyoona makosa ya herufi kuleta hasara, na linawapata hata waliosoma sana. Ukiandika "saa 2 asubuhi", umemaliza. Neno moja hilo halina gharama.

Sasa hizo herufi. Kuna "biashala", "kusafilisha", "lisiti", halafu kwa upande wa pili "harafu" na "tafadhari". Huku Kanda ya Ziwa r na l zinabadilishana viti tangu tukiwa watoto, na anayejua kwamba huwa anakosea hupita mbali zaidi ya nyumba: anaogopa l kiasi kwamba anaweka r hata palipokuwa na l yake halali. Kuna h iliyotoka kwenye "gharama". Kuna "mfanya biashala" na "nita mtuma" zilizokatwa vipande, ilhali mfanyabiashara ni neno moja na nitamtuma ni neno moja. Kuna "kama ikiwezekana", ambayo ni sharti juu ya sharti, kwa sababu ile "iki" tayari ina "kama" ndani yake, ikiwezekana inatosha. Yote niliyasahihisha kwa dakika tatu. Simu yake haikuweza kumsaidia: imewekwa Kiingereza, na inapiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, sahihi na lisilo sahihi, hivyo amejifunza kutoutazama huo mstari kabisa.

Lakini niwe mkweli kuhusu makosa hayo. Katika miaka sita sikumbuki mtu hata mmoja aliyenyimwa bei, au aliyepandishiwa bei, kwa sababu ya "lisiti". Tulikuwa tunaelewa. Lililotuchekesha ni moja tu, na lingetuchekesha popote: mafuta ya kura. Mafuta ya kura dumu kumi, Nansio. Ofisi nzima ingejiuliza nani anagombea. Hilo nilimweleza, akacheka mpaka hasira zikamtoka, na kuanzia hapo tukaweza kufanya kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye vipimo. Hapo ndipo hela inapopotelea, na hapo ndipo barua yake ilikuwa na mashimo makubwa ambayo mwalimu wa Kiswahili asingeyaona hata kwa miwani.

"Dumu 10." Dumu la lita ngapi? Kuna la lita 20, la 10, la 5, na la 3 watu huliita dumu vilevile. Yeye alimaanisha la 20, kwa sababu anayapima kwa kibaba na chupa. Mafuta ya nini? Alizeti na mawese yaliyosafishwa hayauzwi bei moja. Chumvi haikuwa na kipimo hata kimoja. Aliandika "na chumvi", kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Muuzaji wa jumla hauzi chumvi, anauza bando la pakiti za nusu kilo, au mfuko wa chumvi ya mawe, au vinginevyo, na kila kimoja kina bei yake kwenye ukurasa wake. Anayeulizwa "chumvi bei gani" ana njia mbili: akupigie simu, au akupe bei ya kile anachotaka kiondoke stoo. Sisi tulifanya la pili mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Shimo jingine ni "mnipunguzie kidogo". Kila barua ina maneno hayo. Yamesomwa mara nyingi hadi jicho linayaruka, kama linavyoruka "poleni na majukumu". Na yanaleta madhara kidogo, kwa sababu anayeomba punguzo kabla ya kuambiwa bei anamkaribisha muuzaji aongeze kwanza ili apate cha kupunguza. Njia ambayo ilitulazimisha sisi kushuka ni nyingine: mtu anaomba bei ya katoni 20 na bei ya katoni 50 ndani ya barua hiyohiyo. Hapo karani hana budi kwenda kwa meneja, kwa sababu bei ya 50 siyo yake kuitoa, na meneja akishatoa ya 50 anaona aibu kuacha pengo kubwa na ya 20. Shangazi hana mtaji wa katoni 50, na hakuna uongo hapo, anauliza tu. Vivyo hivyo "mteja wenu wa siku nyingi". Kila mtu ni mteja wa siku nyingi. Ambatisha picha ya risiti ya mwisho, uache karatasi iseme.

Salamu sikuzigusa sana. Kuna watu wanaowafundisha wenye maduka kwamba barua ya biashara ianze na jambo lenyewe, kavu. Sikubaliani nao. Barua isiyo na salamu, kwetu sisi, inasomwa kama barua ya mtu mwenye ugomvi. Nilibakiza moja, nikaondoa "bosi", kwa sababu bosi ni neno la kuongea na mtu unayemwona.

Kisha nikamuuliza maswali mawili ambayo barua yake haikuyagusa.

La kwanza, VAT. Kodi ya ongezeko la thamani huku bara kwa kawaida ni asilimia 18, na wauzaji wengine wa jumla huandika bei bila kodi, kodi ikaja chini kabisa ya karatasi kwa herufi ndogo. Kwa kampuni kubwa iliyosajiliwa haina shida sana, kwa sababu kodi iliyolipa kwenye manunuzi inairejesha kwenye hesabu zake. Lakini kiwango cha kulazimika kujisajili, tangu Julai 2023, ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, na duka la shangazi haliko hata karibu na hapo. Kodi anayolipa haimrudii. Kwake yeye bei ni ile iliyo na kodi ndani yake, na asipouliza atalinganisha vitu visivyolingana.

La pili, mzigo unaishia wapi. Shangazi huhesabu "mikono", na hesabu yake ni nzuri kuliko kitabu chochote cha biashara nilichosoma. Kuli wa stoo ni mkono mmoja. Guta hadi bandarini, wa pili. Kuli wa bandarini, wa tatu. Meli, wa nne. Nansio kuna kuli mwingine na guta jingine. Kila mkono unaogusa katoni unaondoka na kitu. Kuna njia ya barabara pia, kuzunguka kwa Bunda hadi Kisorya na kuvuka kwa kivuko kwenda Rugezi, na njia hiyo anaitumia pale meli inapokuwa na matatizo, lakini mikono haipungui, inabadilika tu. Kwa hiyo muuzaji anayesema "tunafikisha bandarini" amemwondolea mikono miwili, na hiyo ni sehemu ya bei hata kama haikuandikwa kwenye safu ya bei.

Nikaketi, nikaandika. Barua hii ndiyo tuliyoituma kwa wauzaji wawili:

Kichwa: Ombi la bei: sabuni ya mche katoni 20, mafuta ya kula madumu 10, chumvi bando 15

"Ndugu Meneja Mauzo,

Habari za kazi. Mimi ni mwenye duka la rejareja Nansio, Ukerewe. Nimewahi kununua kwenu, na picha ya risiti ya mwisho nimeiambatisha.

Naomba bei za bidhaa zilizo hapa chini. Hili ni ombi la bei tu. Bado siagizi mzigo.

Sabuni ya mche ya kufulia: bei ya katoni moja kwa anayechukua katoni 20, na kwa anayechukua katoni 50.

Mafuta ya kula ya alizeti: bei ya dumu moja la lita 20, kwa madumu 10.

Chumvi yenye madini joto, pakiti za nusu kilo: bei ya bando moja na idadi ya pakiti zilizomo, kwa bando 15.

Naomba mnieleze kama bei zina VAT ndani yake, kama mzigo mnaufikisha bandarini Mwanza au tunauchukua dukani kwenu, na bei zitadumu hadi tarehe ngapi.

Profoma naomba mnitumie kwa barua pepe hii. Nikiridhika nitaandika barua ya kuagiza, na hapo ndipo kijana wangu atakuja na malipo.

Asanteni."

Ile ya "bei zitadumu hadi tarehe ngapi" niliiweka kwa kujua siri za meza yangu ya zamani. Mteja asipoitaja tarehe, sisi tuliandika "bei ya leo", na bei ya leo kesho imekufa. Kwa mtu wa mjini si neno. Kwa mtu wa kisiwani, ambaye anahitaji siku kadhaa kukusanya hela za mauzo, kuzituma na kungoja meli yenye nafasi, anaweza kufika na hela kamili ya bei ambayo haipo tena.

Niliisoma barua mara mbili, nikajiona fundi. Majibu yakaja ndani ya siku mbili, yote mawili yakiwa profoma safi. Upande wa sabuni, muuzaji wa kwanza aliandika shilingi 32,000 kwa katoni, bila VAT, na anafikisha bandarini. Wa pili aliandika 36,500, VAT ndani, mzigo unachukuliwa dukani kwake.

Mtu akizitazama namba hizo mbili tu, anamkimbilia wa kwanza. Nikamfanyia shangazi hesabu kwenye simu kwa madaha. Wa kwanza, ukiongeza asilimia 18, katoni inakuwa 37,760, na katoni 20 zinakuwa 755,200. Wa pili, katoni 20 kwa 36,500 ni 730,000, ongeza guta na makuli wa kufikisha bandarini, 15,000, jumla 745,000. Wa pili ana nafuu ya shilingi 10,200. "Unaona shangazi? Bila kuuliza VAT ungepotea."

Akanyamaza kidogo. Nasikia nyuma yake mtu anaomba kiberiti, anamhudumia, anarudi kwenye simu.

"Mche wa kilo au wa gramu 800?"

Nikafungua profoma tena. Ya kwanza ilisema miche 10, kilo 1. Ya pili ilisema miche 10, gramu 800. Ilikuwa imeandikwa, ndogo, pembeni ya jina la sabuni, na mimi nilikuwa nimeipita kwa sababu katika barua yangu nzuri sikuwa nimeuliza. Nilipima dumu, nikapima pakiti ya chumvi, nikasahau kupima sabuni, kitu kikubwa kuliko vyote kwenye orodha. Niliridhika na "sabuni ya mche" kwa sababu kisarufi ilikuwa imekaa vizuri.

Basi hesabu ikageuka tena. Katoni ya wa kwanza ni kilo 10 kwa 37,760, yaani 3,776 kwa kilo, na iko bandarini. Katoni ya wa pili ni kilo 8. Ukichukua 36,500 na kuongeza sehemu yake ya guta, 750, unapata 37,250, ukigawa kwa 8 ni zaidi kidogo ya 4,656 kwa kilo. Shilingi 880 kwa kila kilo. Kwa mzigo mzima wa katoni 20, "nafuu" yangu ya shilingi 10,200 ingemnunulia shangazi upungufu wa kilo 40 za sabuni.

Yeye alilijua hilo bila kikokotoo, na sababu yake iko juu ya meza ya duka. Nansio si kila mteja ananunua mche mzima. Shangazi anaukata kwa uzi wa nailoni, anauzungusha mara moja, anavuta, kipande kinaanguka kimenyooka. Mche wa kilo unampa vipande vitano vya kawaida yake. Wa gramu 800 unampa vinne. Akilazimisha vitano, wateja wanavipima kwa kiganja na kuvirudisha. Wanawake wanaofua ziwani hawadanganyiki kwa kipande cha sabuni. Tena, anasema, mche ukikaa stoo unakauka na kupungua uzito, kwa hiyo anaponunua anatazama pia kama katoni ina unyevunyevu. Mche mbichi sana leo ni kilo, baada ya mwezi sijui utaitwaje.

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia niandike uzito wakati natunga barua.

"Wewe ulikuwa unahangaika na r na l, baba. Nikakuacha umalize."

Tuliirekebisha barua kwa mara nyingine, kwa ajili ya safari zijazo. Mstari wa sabuni sasa unasomeka hivi: "Sabuni ya mche ya kufulia, mche wa kilo 1: bei ya katoni moja yenye miche 10, kwa anayechukua katoni 20, na kwa anayechukua katoni 50. Kama mche ni wa uzito mwingine, naomba muuandike." Sentensi ya mwisho ni ya kwake, neno kwa neno. Ameiweka barua hiyo kwenye simu, anabadilisha bidhaa na idadi tu, na nasikia majirani zake wawili wameinakili.

Kuagiza aliandika mwenyewe, asubuhi yake, kwa yule muuzaji wa kwanza, akanitumia nakala:

"Habari za kazi. Naomba sabuni ya mche, kilo 1, katoni 20, kwa bei ya profoma yenu ya Jumatatu. Mzigo mtaufikisha bandarini. Kijana wangu ataleta malipo Ijumaa saa 2 asubuhi na lisiti ataichukua yeye."

Nikaiacha hiyo lisiti kama ilivyo.